Marehemu mmoja, tahajia nne: niandike ipi katika nakala ya Kiswahili na ipi katika nakala ya Kiingereza?

MtafsiriPangani

Ndugu zangu, hamjambo nyote. Mimi hutafsiri hati za kisheria hapa Nairobi, na wiki hii nimerudishiwa faili na wakili kwa sababu ya jambo ambalo nilidhani nalifahamu. Familia moja inaandaa maombi ya mirathi katika Mahakama ya Kadhi. Jina la marehemu nimelibadilisha kwa heshima ya wenyewe, lakini namna tahajia zilivyotofautiana nimeiacha kama ilivyo.

Kitambulisho chake kinasema Athman Khamis Abdalla. Hati miliki ya kiwanja, ambayo ni ya zamani zaidi, inasema Athumani Hamisi, bila jina la tatu. Cheti cha kifo kinasema Othman Khamis Abdallah, na herufi ya h mwishoni. Barua ya chifu, ambayo imeandikwa kwa Kiswahili, inasema Athumani Hamisi Abdala. Juu ya hizo kuna cheti cha ndoa kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu.

Niliombwa niandae kila kitu kwa lugha mbili. Nikaona kila lugha ina vazi lake, basi katika nakala zote za Kiswahili nikaandika Athumani Hamisi Abdala, na katika nakala zote za Kiingereza nikaandika Othman Khamis Abdullah. Kwa macho yangu kazi ilikuwa safi, kwa sababu kila upande jina lilikuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Wakili ameirudisha na kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Huyu wa pili ni nani?" Naomba kuelekezwa.

Ustadh_SouthC

Assalamu alaykum. Ndugu mtafsiri, tatizo lako ni kwamba umefuata masikio ya watu badala ya kurudi kwenye asili. Jina hili kwa Kiarabu lina herufi tano: ain, tha, mim, alif na nun, na ile ain ina dhuma, yaani hutamkwa kwa u. Kwa hiyo ni Uthman. Athumani, Athman, Othman na Osman zote ni jina hilo hilo lililopita katika vinywa vya watu mbalimbali, na Waturuki ndio waliolifanya Osman kwa kuwa tha kwao huwa s.

Abdalla nalo ni Abd na Allah yameunganishwa, na h ya mwisho ni sehemu ya jina la Mwenyezi Mungu, haifai kuangushwa. Ushauri wangu ni mwepesi: andika Uthman Khamis Abdullah katika hati zote, za Kiswahili na za Kiingereza. Hapo utakuwa na jina moja lililo sahihi, na hakuna atakayekuuliza.

KaraniWaZamani

Nimekaa kwenye masjala ya mahakama miaka mingi kabla ya kustaafu, na faili za namna hii nimezifungua na kuzifunga. Ustadh, kuhusu asili ya jina umesema kweli tupu na sina la kuongeza. Lakini ukimfuata hivyo, mtafsiri atakuwa amemleta mahakamani mtu wa tano, ambaye hana kitambulisho, hana kiwanja na wala hajafa, kwa sababu hakuna hati hata moja katika faili yenye tahajia ya Uthman Khamis Abdullah.

MtafsiriPangani, kosa lako si tahajia uliyoichagua. Kosa ni kwamba umezichanganya kazi mbili ambazo kila moja ina kanuni yake. Kazi ya kwanza ni kutafsiri hati ambayo tayari ipo. Hapo jina halitafsiriwi wala halirekebishwi. Hati miliki ikisema Athumani Hamisi, tafsiri yake ya Kiingereza nayo iseme Athumani Hamisi, bila jina la tatu, hata kama wewe na mtaa mzima mnajua kwamba baba yake alikuwa Abdalla. Cheti cha kifo kikisema Othman, tafsiri ya Kiswahili iseme Othman. Wewe hapo ni shahidi wa kilichoandikwa, na mtu atakayeweka asili na tafsiri sambamba anatakiwa aone herufi zile zile.

Kazi ya pili ni kuandika hati mpya, kama ombi lenyewe na hati ya kiapo. Humo ndimo unapochagua tahajia moja ya kuongoza, na kwa kawaida huwa ile ya kitambulisho, kwa sababu kitambulisho kina nambari na mwenyewe alipigwa alama za vidole mbele yake. Tahajia nyingine zote unazitaja mara moja, waziwazi, kila moja na hati ilikotoka, kisha unarudi kwenye ile ya kitambulisho na huitoki tena hadi sahihi ya mwisho. Jambo hilo hufanywa namna moja kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Aya ya kiapo tuliyokuwa tukiipokea bila maswali ilikuwa na umbo hili:

"Kwamba marehemu Athman Khamis Abdalla, mwenye kitambulisho nambari hii, ndiye aliyetajwa kuwa Athumani Hamisi katika hati miliki nambari hii, kuwa Othman Khamis Abdallah katika cheti cha kifo nambari hii, na kuwa Athumani Hamisi Abdala katika barua ya chifu ya tarehe hii, na kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja."

Anayeapa awe mtu aliyemjua, kama mjane au mwana, na aseme alimjuaje. Kiapo kinaapwa mbele ya kamishna wa viapo, na nakala za hati zote zilizotajwa zinaambatishwa. Pale hati miliki inapobeba nambari ya kitambulisho, itaje nambari hiyo kwa sauti, kwa kuwa hiyo ndiyo inayozifunga tahajia pamoja kuliko kufanana kwa majina.

Mwana_Kawangware

Mbona mnajisumbua? Mimi niliondoa jina langu moja na kuongeza la babu. Nilikwenda kwa wakili, nikatia sahihi hati ya kubadili jina, ikasajiliwa, ikatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na baada ya hapo nikapata kitambulisho kipya. Mwambie huyo bwana afanye vivyo hivyo, na yote yatakwisha.

KaraniWaZamani

Mwanangu, huyo bwana ni marehemu.

Hata angekuwa hai, hakubadilisha jina. Hati ya kubadili jina ni ya mtu anayeliacha jina moja na kushika jingine kuanzia siku hiyo. Huyu aliitwa jina lile lile maisha yake yote, ila makarani walilisikia tofauti. Kwake kinachohitajika ni tamko kwamba tahajia hizi ni za mtu mmoja.

MtafsiriPangani

Mzee Karani, shukrani sana, sasa nimeona nilipokosea. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza: cheti cha ndoa kiko kwa hati za Kiarabu. Hapo hakuna herufi za Kilatini za kunakili, sasa "niandike kilichoandikwa" maana yake ni nini? La pili: wosia wa marehemu unataja Mtume, unataja mwezi wa Ramadhani, na pia mwanawe anayeitwa Ramadhan, bila i. Je, tahajia ya kitambulisho inatawala hadi huko?

KaraniWaZamani

Nianze na la pili kwa kuwa ni jepesi. Kanuni ya kitambulisho ni ya watu wenye vitambulisho. Mitume, wafalme wa kale na majina ya miezi hufuata mazoea ya lugha unayoandikia. Sultani aliyehamia Unguja, aliyefariki mwaka 1856, vitabu vingine humwita Seyyid Said na vingine Sayyid Said, na hakuna karani atakayekataa hati kwa ajili yake. Ila chaguo lako liwe moja katika hati nzima. Kwa hiyo mwezi wa Ramadhani ubaki na i yake, na kijana Ramadhan abaki bila i, hata wakikaa katika sentensi moja.

Huyo sultani anatufundisha jambo jingine, kwa kuwa Sayyid na Said ni maneno mawili tofauti kwa Kiarabu. La kwanza ni bwana, na la pili, lenye ain katikati, ni mwenye heri. Kwa herufi zetu yanakaribiana mno, na nimewahi kuona ndugu wawili, mmoja Said na mwingine Sayyid, wakiunganishwa kuwa mrithi mmoja na mpiga chapa aliyedhani anasawazisha tahajia.

Kuhusu cheti cha ndoa, mimi hupendelea jina liandikwe kwa tahajia ya kitambulisho, kisha chini uweke maelezo ya mtafsiri kwamba katika asili jina limeandikwa kwa hati za Kiarabu na kwamba tahajia iliyotumika ni ile ya kitambulisho nambari fulani.

Ustadh_SouthC

Hapo sikubaliani na Mzee, na nasema kwa heshima. Ukiandika Athman katika tafsiri ya hati inayosema Uthman, umeshahukumu kwamba mtu wa kwenye cheti cha ndoa ndiye mtu wa kwenye kitambulisho. Hiyo ni kazi ya kadhi, si ya mtafsiri. Mtafsiri aandike Uthman kama herufi zinavyosema, na maelezo yake yawe kwamba jina hilo huandikwa pia Athman, Athumani au Othman. Wewe mwenyewe ulisema mtafsiri ni shahidi wa kilichoandikwa.

KaraniWaZamani

Hoja hiyo ina uzito, Ustadh, siipuuzi. Nimeona wakadhi wakipokea njia zote mbili. Ukifuata yako, basi Uthman naye aongezwe kwenye aya ya kiapo, la sivyo utakuwa umeongeza kamba bila fundo.

Garissa_Lodge

Niongeze ya Eastleigh, maana kwetu jambo hili lina sura nyingine. Kisomali kilipata maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972, na humo herufi c ni ile ain, na x ni ile ha nzito. Kwa hiyo Hassan wa kitambulisho cha Kenya ni Xasan katika hati ya Mogadishu, Mohamed ni Maxamed, Abdi ni Cabdi, na huyo Athman wenu ni Cusmaan.

Karani asiyejua hulisoma Xasan kama jina la Kichina na Cabdi kama kosa la chapa. Mjomba wangu alirudishwa kwenye dirisha la ofisi moja mara tatu kwa sababu waliitafuta faili yake chini ya A, nayo ilikuwa imewekwa chini ya C. Hapa mtafsiri asibadilishe c kuwa a kimyakimya. Aache Cabdi, kisha aeleze kwenye maelezo yake kwamba hiyo c haitamkwi kama c ya Kiingereza.

FundiWaNyaraka

Hilo la A na C ndilo linalonifanya niandike. Kabla ya kusawazisha chochote, zitafute kwanza tahajia zote zilizomo. Watu hutafuta ile wanayoijua tu, halafu wanashangaa nyingine ikijitokeza mahakamani.

Kwa majina ya Kiarabu yaliyoingia Kiswahili, tofauti zina mpangilio na unaweza kuzibashiri. Kiswahili hupenda silabi iishie kwa irabu, basi jina linaloishia konsonanti huongezewa moja: baada ya m, b au f huwa u, kama Salimu, Zainabu na Yusufu, baada ya nyingine huwa i, kama Rashidi, Hamisi na Athumani. Kha hulegea ikawa h, ndiyo maana tuna Khadija na Hadija. Kiarabu kina irabu a, i na u tu, kwa hiyo o na e za Omar na Mohamed zimetoka kwenye masikio ya waandishi, na Umar na Muhammad utazikuta pia. Na katika daftari lililopangwa kwa alfabeti, Athman mtafute chini ya A, O na U.

Mimi hugeuza hati zote kuwa maandishi matupu kisha huhesabu hivi:

```
grep -ohEi '(athu?|o[ts]h?|u[ts]h?)mani?' *.txt | sort | uniq -c
```

Inanipa kila tahajia na idadi yake. Kwa faili kama ya Pangani nitaona, kwa mfano, Athman mara kumi na nne na Athumani mara sita, kisha naikagua moja moja kwa jicho: hii iko ndani ya nukuu ya hati miliki, iache, hii iko katika aya ya ombi, irekebishe.

Nasema kwa jicho kwa sababu nimeungua. Mwaka mmoja nilipewa hati ya kurasa arobaini ambamo Hamisi alitakiwa awe Khamis. Nikafungua dirisha la `Find and Replace`, nikabofya `Replace All`, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, kikao cha familia kilikuwa kimefanyika siku ya AlKhamis. Ukikumbuka kwamba Khamis na Alhamisi ni neno moja kwa asili, utaona kompyuta ilikuwa na haki yake. Siku nyingine nilibadilisha Saidi kuwa Said, na shahidi akaombwa "kuSaida" mahakama. Kuweka alama kwenye `Match case` na `Find whole words only` kutakuokoa na hayo, lakini hakutakuokoa na sentensi inayoanza kwa "Juma lililopita", wala na Salimu ya kumwambia mtu asalimu wageni ikiwa mwanzoni mwa sentensi.

BintiShee

Mimi sina mirathi, nina pasipoti. Jina la ukoo wangu katika cheti cha kuzaliwa limeandikwa Abdul Rahman, maneno mawili. Katika cheti cha shule ni Abdulrahman, neno moja. Katika pasipoti yangu ni maneno mawili, na tiketi niliyokatiwa na wakala ilikuwa na neno moja. Nilizuiwa kwenye dawati la safari hadi msimamizi akaja. Wakala aliniambia nafasi kati ya maneno si tahajia. Je, ni kweli?

FundiWaNyaraka

Dada, nafasi ni tahajia mahali ambapo mashine inasoma. Tazama mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti. Tuchukue jina la mfano:

```
ABDUL<RAHMAN<<KHADIJA
ABDULRAHMAN<<KHADIJA
```

Alama moja ya < ni nafasi, na mbili ni mpaka kati ya jina la ukoo na majina mengine. Kistari nacho hugeuzwa kuwa <, kwa hiyo Abdul-Rahman na Abdul Rahman huonekana sawa kwenye mstari huo. Alama ya ritifaa, kama ile ya Sa'id, huondolewa na herufi huungana: SAID. Kwa hiyo huyo wakala alikuwa na nusu ya ukweli. Mifumo mingi ya tiketi huyaunganisha majina yenyewe, na wahudumu wengi wanalijua hilo, lakini huna hakika utamkuta anayelijua. Mwambie akate tiketi kwa kunakili mistari hiyo ya chini, asisikilize jina kwa simu.

MtafsiriPangani

Narudi na habari. Nimeifanya kazi upya kwa njia ya Mzee Karani. Tafsiri za hati za zamani sasa zinabeba tahajia zao wenyewe, ombi na kiapo vinamwita Athman Khamis Abdalla kwa lugha zote mbili, na aya ya mtu mmoja imetaja tahajia zote. Kuhusu cheti cha ndoa nimemfuata Ustadh: nimeandika Uthman, nikaweka maelezo, na nikamwingiza kwenye kiapo. Wakili amepokea.

Jambo moja aliloliongeza linafaa kuwekwa hapa. Amesema tahajia ya hati miliki isiishie ndani ya kiapo tu, bali ionekane kwenye jina la marehemu juu ya ombi lenyewe, "Athman Khamis Abdalla, anayejulikana pia kama Athumani Hamisi", ili cheti cha usimamizi wa mirathi kitakapotolewa kitoke na majina yote mawili. Kikitoka na la kitambulisho peke yake, familia itafika kwa msajili wa ardhi na kuambiwa kwamba mwenye kiwanja ni mtu mwingine.

KaraniWaZamani

Wakili wako anajua kazi. Likisahaulika, kifungu cha 74 cha Sheria ya Urithi kinairuhusu mahakama kurekebisha makosa ya majina katika cheti hicho, lakini ni ombi jingine, na ni kupanga foleni upya. Cheti cha kifo nacho, kwa kuwa ndicho kipya kuliko vyote na aliyetoa taarifa ndiye aliyekosea, waulize kama wangependa kukirekebisha kwa msajili wa vizazi na vifo wakiwa na kitambulisho mkononi. Si lazima, lakini huondoa tahajia moja kwenye aya.

MtafsiriPangani

Nitawauliza. Mjane amesema jambo jana ambalo limenipa kazi nyingine: katika miaka yote ya ndoa yeye alimwandikia mumewe barua kwa jina la Athmani, na barua hizo anataka ziwe vielelezo.

KaraniWaZamani

Basi ongeza mstari mmoja kwenye aya kabla hajaapa.